Nani Aanze Kusalimia?

Maandiko: Kutoka 18:5–8, Luka 1:39–41, Ruthu 2:4

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa! Najua hata wewe unayesoma nyumbani umejibu Amina. Basi shika hiyo Amina yako, tutairudia baadaye kidogo, kwa sababu somo la juma hili linaanzia hapo hapo.

Vijana wameniuliza swali, na wameuliza vizuri. Wamesema, "Mchungaji, sisi tumeokoka. Tukikutana na mzee tunamwambia Bwana asifiwe. Kuna haja gani tena ya shikamoo?" Siku chache baadaye mama mmoja wa kanisa hili akaniletea upande wa pili wa jambo lile lile. Akasema, "Hawa watoto wanapita karibu nami kama wanapita karibu na mti wa mgunga. Ama ndio wokovu huo?" Hayo ni maneno mazito, na nimeyabeba mpaka kwenye madhabahu.

Hapa Biliqo tuko watu wa lugha nyingi. Mborana akikutana na mwenzake anauliza nagaa, na anajibiwa nagaa, yaani amani. Majirani zetu Waislamu wanapeana salamu yao ya asalaam aleikum. Kwa Wasamburu, mtoto anainamisha kichwa na mzee anamgusa utosini. Walimu na wauguzi waliotumwa huku kutoka mbali wanakuja na za kwao, na vijana wana sasa na niaje. Tukiingia kanisani lugha inayotukutanisha sote ni Kiswahili. Sasa kama tumekubali kuabudu kwa Kiswahili, tukubali pia kukitumia na heshima yake, tusichukue nusu.

Watoto wetu wanafundishwa shikamoo na marahaba kwenye vitabu vya Kiswahili vya shule ya msingi, lakini kwa wengi inabaki kwenye daftari. Mimi nilikaa miaka minne upande wa Tanga, Tanzania, nikisoma Biblia, na kule nimeona salamu hii ikiishi. Mtoto hatoki nyumbani asubuhi kabla hajaitoa. Wacha niwaeleze inavyotembea.

Shikamoo inatoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Haigeuki. Mdogo ndiye anayeanza, hata kama mkubwa ndiye aliyemkuta amekaa, hata kama mkubwa ndiye mgeni. Mkubwa anajibu "Marahaba." Wengi wetu tunafikiri imeishia hapo, lakini mwenye adabu hakomei hapo. Anaendelea, "Marahaba, hujambo mwanangu?" na mdogo anajibu, "Sijambo." Umeona? Mdogo ametoa heshima, mkubwa ameipokea, halafu mkubwa naye anauliza hali. Ndipo mazungumzo mengine yanafuata. Wakiwa wakubwa wengi mahali pamoja unasema "Shikamooni," na wao wanajibu marahaba ile ile, kila mmoja kwa sauti yake.

Je, mdogo akichelewa? Mkubwa hamwambii "Nisalimie." Hiyo si heshima, ni deni linalodaiwa. Kule Tanga mkubwa anatangulia yeye kwa upole, "Hujambo?" na mtoto aliyelelewa anaelewa mara moja kwamba amechelewa. Anajibu, "Sijambo, shikamoo." Mambo yamenyooka bila mtu kuaibishwa. Anayeweza kumkumbusha mtoto waziwazi ni mzazi wake, anayemnong'oneza, "Umemwamkia bibi?" Yule anayesalimiwa hajidai mwenyewe.

Mko pamoja nami? Sasa tuje kwenye swali gumu. Mkubwa ni nani?

Kwanza ni miaka, na hapa wengi wanachanganyikiwa, kwa sababu hakuna anayetembea na cheti cha kuzaliwa kifuani. Na wazee wetu wengi wa huku kitambulisho kinasema tarehe 1 Januari kwa sababu siku yenyewe haikuandikwa popote. Kipimo ni rahisi. Mtazame huyo mtu, jiulize, je, huyu angeweza kuwa mzazi wangu, ama ndugu wa mzazi wangu? Kama ndiyo, shikamoo bila kusita. Kama ni wa miaka ya dada yako mkubwa, angalia mmezoeana vipi. Kule Tanzania wengi wanampa shikamoo hata kaka aliyewatangulia miaka michache tu. Hapa kwetu "Habari yako, dada" inatosha, na hakuna atakayekasirika. Ukikosea kwa kumpa heshima mtu asiyekuzidi sana, atacheka tu akuambie bado yeye ni kijana. Ukikosea kwa kumnyima aliyestahili, hatacheka. Basi ukiwa na shaka, toa.

Pili ni ukoo. Unaweza kuwa na mjomba uliyemzidi miaka miwili, kwa sababu bibi alizaa mpaka mwisho. Yule ni mjomba, haijalishi ndevu zako. Wazee wa Kiborana hapa hawahitaji kufundishwa jambo hili. Wanajua hariya, rika la watu waliozaliwa pamoja, na wanajua luba, ambayo mtu anaipata kwa kufuata luba ya baba yake, si kwa kuhesabu miaka yake mwenyewe. Kwa hiyo mtu kijana kwa miaka anaweza kuwa mbele ya mtu mwenye mvi kwa kizazi. Kiswahili nacho kina hekima hiyo hiyo ndani ya nyumba. Nje ya ukoo tunahesabu miaka, ndani ya ukoo tunaangalia kiti cha mtu.

Wacha nichukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Mwalimu msichana wa miaka 24 ameripoti shuleni juzi. Jioni anaenda kisimani na mtungi wake. Anakuta mzee wa kama miaka 70 amekaa kivulini akingojea ngamia wake wanywe, kando yake mama wa miaka 50, na kijana wa bodaboda wa rika la mwalimu. Anaanzaje? Yeye ndiye mdogo na yeye ndiye amefika, kwa hiyo anaanza yeye, na anaanza kwa wakubwa. "Shikamooni." Mzee anajibu, "Marahaba, hujambo mwalimu?" Mama naye anajibu yake. Mwalimu anasema, "Sijambo." Kisha anamgeukia kijana, "Habari yako?" na kijana anajibu, "Nzuri, mwalimu." Si shikamoo, hao ni wa rika moja. Mara anatokea mwanafunzi wake wa darasa la nne na kindoo. "Shikamoo mwalimu." Sasa ni zamu yake kupokea. "Marahaba, hujambo?"

Tazameni, watu wa Mungu. Kwa muda wa dakika mbili, mtu mmoja ametoa shikamoo na amepokea shikamoo. Hakuna mtu anayekaa juu siku zote, wala anayekaa chini siku zote. Na mzee wa miaka 70 naye alianza kutoa kabla hajaanza kupokea. Ameitoa miaka na miaka. Wewe kijana unayeona inakushusha, unaweka akiba.

Mfano huo huo uharibu kidogo uone. Mwalimu afike, aanze na yule wa bodaboda kwa sababu ndiye anayemjua, wacheke kidogo, ndipo awageukie wazee aseme "Shikamooni." Neno ni lile lile. Lakini mzee atajibu kwa sauti ya chini, na mama hatauliza hali. Hapo ndipo unajua salamu haikufika. Ishara si neno marahaba, ishara ni lile swali linalofuata. Ukipewa marahaba kavu, bila hujambo, jiulize umeanza wapi.

Sasa turudi kwa Amina yako. Je, "Bwana asifiwe" inatosha? Fungua Ruthu 2:4. Boazi anatoka Bethlehemu, anafika shambani kwake. Yeye ni tajiri na ni mtu mzima, na wale ni wavunaji wake. Nani anaanza? Boazi! Anawatakia kwamba Bwana awe pamoja nao, na wao wanamrudishia baraka ya Bwana. Hiyo ni salamu ya ibada. Mada yake ni Mungu, kwa hiyo yeyote anaweza kuianza, mtoto kwa babu, babu kwa mtoto, na mbele ya Mungu wote wanasema Amina sawasawa. Ndiyo maana "Bwana asifiwe" haina mdogo wala mkubwa. Na ni vizuri hivyo.

Lakini kwa sababu hiyo hiyo haiwezi kufanya kazi ya shikamoo. Ukimwambia mzee "Bwana asifiwe," umemtukuza Bwana, haleluya, lakini hujamwambia mzee kwamba umeona mvi zake. Na Mambo ya Walawi 19:32 inaagiza vyote viwili kwa pumzi moja, kumwinukia mwenye mvi na kumcha Mungu. Hakusema chagua kimoja. Kwa hiyo kijana, sema zote. "Bwana asifiwe, mama. Shikamoo." Inachukua muda gani? Hata mbuzi hajapita.

Kuna pingamizi lingine, na linatoka kwa watu wanaosoma Biblia yao. Wanasema, "Shikamoo maana yake ni nashika miguu yako. Hiyo ni lugha ya utumwa. Na Petro alipoangukiwa miguuni na Kornelio, katika Matendo 10, si alimwinua akasema yeye naye ni mwanadamu tu?" Nalijibu kwa heshima. Ni kweli, maelezo yanayojulikana zaidi ya asili ya neno hili ni hayo ya kushika miguu. Lakini neno si asili yake peke yake. Neno ni kazi linayofanya leo, na leo hakuna anayeshika mguu wa mtu kisimani. Halafu soma Matendo 10 vizuri. Kornelio alimsujudia Petro. Petro alikataa kuabudiwa, hakukataa kusalimiwa. Mtu akikuabudu, mwinue. Mtu akikuamkia, mwitikie. Ukichanganya hayo mawili utaishia kumnyima mama yako mzazi salamu ukidhani unamlindia Mungu utukufu wake.

Ndugu zangu, sasa niseme la mtumishi mwenyewe, yaani sisi tunaosimama hapa mbele. Mimi nina miaka 36. Katika kanisa hili kuna akina mama wanaoweza kunizaa mara mbili. Kuna akko hapa mwenye wajukuu wanaolingana nami. Akikutana nami njiani anataka kusema, "Shikamoo mchungaji." Ana nia njema, anaheshimu madhabahu. Lakini mimi sipokei. Sijibu marahaba kwa mama yangu. Namwambia, "Hapana mama, shikamoo wewe." Na njia iliyo bora zaidi ni kumwahi. Ukimwona mzee kwa mbali, fungua mdomo mapema, ili asilazimike kukutafutia cheo chako.

Nimejifunza wapi? Kwa Musa, Kutoka 18. Angalia Musa ni nani wakati huo. Alikuwa na miaka 80 aliposimama mbele ya Farao. Ameshavuka bahari, taifa zima linamfuata. Anaambiwa kwamba Yethro, baba mkwe wake, anakuja. Musa angeweza kukaa hemani akasema, "Aingie." Badala yake anatoka yeye kumlaki, anainama, anambusu. Kisha, angalia mpangilio, wanaulizana hali, kila mmoja kwa mwenzake. Kisha wanaingia hemani. Ndipo Musa anaanza kumsimulia mambo makubwa ambayo Bwana ametenda. Salamu kwanza, hali pili, ushuhuda tatu. Sisi tunataka kuanza na ushuhuda!

Na siku ya pili yake, soma kuanzia mstari wa 13, Yethro anamwona Musa akihukumu watu kuanzia asubuhi hadi jioni, anamshauri agawe kazi, na Musa anasikiliza. Ninaamini masikio ya Musa yalifunguka siku iliyotangulia, pale alipoinama. Kijana usiyeweza kumwambia mzee shikamoo, utawezaje kupokea shauri lake?

Halafu Mariamu, Luka 1. Elisabeti ni mzee, Luka amelisema waziwazi. Mariamu ni binti mdogo, lakini tumboni amebeba Mwokozi. Kwa cheo, hakuna mwanamke aliyemzidi. Anaingia nyumbani kwa Zakaria, na nani anaanza kusalimia? Mariamu. Aliyembeba Bwana alianza kumsalimia aliye mzee. Ukiniambia upako wako umekuzidi kiasi kwamba huwezi kuamkia wazee, nitakuuliza umebeba nini kuliko Mariamu.

Lakini msiishie hapo, wazee, kwa maana sasa zamu yenu imefika. Elisabeti aliposikia salamu alijibu kwa baraka, tena kwa sauti kuu. Alirudisha zaidi ya alichopokea. Ndiyo marahaba hiyo.

Neno marahaba limekuja kwetu kutoka Kiarabu, na mzizi wake unahusu upana, nafasi. Ni neno la kumkaribisha mgeni, kama kumwambia, hapa kuna nafasi, hutabanwa. Kwa hiyo mdogo anaposema shikamoo anajishusha, na mkubwa anaposema marahaba anamfungulia nafasi. Ukipokea shikamoo ukanyamaza, ama ukaguna tu macho yakiwa kwenye simu, umemwacha mtoto wa watu ameinama mlangoni.

Kule Muheza, nchi ya machungwa, nilikaa jirani na nyumba moja ambayo kijana wao aliuza machungwa ya baba yake yote yakiwa bado mtini, akala pesa mjini. Pesa zilipoisha alirudi. Kila asubuhi alisimama uani, "Shikamoo baba." Kimya. Mzee anaendelea kunoa panga lake. Hakumpiga, hakumfukuza, chakula alipewa. Alinyimwa neno moja tu. Na kijana yule alikonda. Majirani walizungumza, mama alilia, mzee hakutikisika. Ilipita miezi. Asubuhi moja kijana akasema kama kawaida, na mzee, bila kuinua macho, akajibu, "Marahaba." Basi. Hakuongeza neno. Lakini mama aliacha ufagio chini, na mpaka mchana mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba kijana amesamehewa. Hakukuwa na kikao wala barua. Lile neno lilibeba yote.

Wapendwa, najua humu ndani kuna nyumba ambazo marahaba imekwama. Binti alifanya jambo ambalo baba hakulipenda. Kijana aliondoka na mifugo. Mkwe alisema neno baya wakati wa matanga. Na mdogo amesharudi, anasalimia, na mkubwa anapita kama hajasikia. Mzee wangu, nakuamkia kwanza, shikamoo, halafu nakusihi. Yule mdogo hawezi kujijibu mwenyewe. Neno hilo liko mdomoni mwako peke yako. Kosa lake mtalizungumza, mali italipwa ama haitalipwa, lakini usimnyime nafasi ya kusimama uani kwako.

Na wewe mdogo, usiseme, "Nilisalimia mara tatu, yatosha." Yule kijana wa Muheza hakuhesabu asubuhi. Zamu ya kuanza ni yako, haijabadilika kwa sababu hukujibiwa jana.

Juma hili fanyeni hivi. Kijana, chagua mzee mmoja ambaye umekuwa ukimpita, msimame mbele yake, useme shikamoo, ungoje mpaka aulize hali. Mzee, kila atakayekuamkia mjibu kwa sauti, na uongeze hujambo. Kama kuna mmoja uliyemnyima, anza na huyo.

Tuombe. Baba, wafungue vijana wetu midomo, wafungue wazee wetu mioyo. Mahali ambapo salamu imekufa katika nyumba zetu, ifufue wewe. Katika jina la Yesu. Amina.